Misa ya mazishi ya mama: nani asome, nani abebe jeneza, na ndugu wasio Wakatoliki wafanye nini?

Kitindamimba_Umoja

Ndugu zangu, mama yetu alipumzika wiki iliyopita, na Misa yake itasomwa Ijumaa saa nne asubuhi katika parokia yetu hapa Umoja, kisha tutaelekea makaburi ya Lang'ata. Mama alikuwa Mkatoliki tangu utotoni na mwanachama wa Chama cha Wanawake Wakatoliki, lakini sisi watoto wake tumetawanyika. Kaka mkubwa ni Mwanglikana, dada anayemfuata aliolewa katika Kanisa la Presbiteri na sasa ni mzee wa kanisa huko, dada mwingine ameolewa na Mwislamu, na mimi peke yangu ndiye niliyebaki katika kanisa la mama.

Kamati ya mazishi iliandika rasimu ya ratiba jana usiku. Tuanze na wimbo, wasifu wa marehemu usomwe, zifuate salamu za rambirambi za majirani na jamaa, dada mkubwa asome Mhubiri sura ya 3, mchungaji wa kaka ahubiri kwa dakika kumi, kisha "padri aendelee na Misa", watu wautazame mwili, tuondoke. Wabebaji wa jeneza watakuwa kaka, shemeji Mwislamu, mimi, wajukuu wawili na mwanachama mmoja wa jumuiya. Padri aliisoma rasimu hiyo kwenye simu ya mwenyekiti wa jumuiya, akatuomba kwa upole tumletee nyingine Jumatano jioni kabla ya kupeleka vijitabu kuchapishwa. Ningependa kujua kasoro iko wapi, maana sitaki kumwambia dada yangu "hapana" bila kuwa na sababu ya kumpa.

Mama_wa_Jumuiya

Pole sana mwanangu, Mungu awatie nguvu. Kwa nilivyofundishwa katika jumuiya yetu, Misa ni ya Wakatoliki, hivyo wasio Wakatoliki wakae viti vya nyuma na wasishike chochote, si masomo, si sadaka, wala jeneza. Mchungaji asihubiri kabisa. Na huyo shemeji Mwislamu asiliguse jeneza ndani ya kanisa, abebe tu kule makaburini. Ukifuata hivyo, padri hatakuwa na neno.

Katekista_Mstaafu

Poleni sana wafiwa. Mama wa Jumuiya amesema kweli kuhusu mahubiri, lakini katika mambo mengine amefunga milango ambayo Kanisa halijaifunga. Kabla ya kufika huko, naomba tuitazame rasimu yenyewe, kwa sababu nadhani kilichomsumbua padri ni kwamba Misa imewekwa kama kipengele kimoja kati ya vipengele vya kamati, ilhali Ijumaa hiyo Misa ndiyo shughuli yote, nayo ina mpangilio wake tangu mlangoni.

Jeneza likifika, halipelekwi moja kwa moja mbele. Linasimama mlangoni, padri anawasalimu wafiwa na kulinyunyizia maji ya baraka kuukumbuka ubatizo wa marehemu, na parokia yenye kitambaa cheupe cha kulifunika hukitandaza hapo hapo, ikiwezekana kwa mikono ya watoto wake. Kama chama kimeweka bendera au nembo juu ya jeneza, huondolewa mlangoni. Kisha maandamano yanaingia hadi penye mshumaa wa Pasaka. Kwa kuwa mapokezi hayo yamefanyika, tendo la toba huachwa na padri huendelea na sala ya mwanzo. Utukufu hauimbwi na Nasadiki haisemwi, kwa hiyo msiziweke kwenye kijitabu. Nimeona vijitabu vingi vilivyonakiliwa kutoka Misa ya Jumapili, na waamini wanabaki wakitazamana.

Yanafuata masomo, mahubiri mafupi, maombi ya waamini, vipaji, sala ya Ekaristi, Baba Yetu na Komunyo. Baada ya sala ya baada ya Komunyo, hamwendi kwenye baraka ya mwisho kama mlivyozoea. Padri anashuka kwenye jeneza kwa ajili ya ibada ya buriani: watu wanakaa kimya kidogo, jeneza linanyunyiziwa tena maji na kufukiziwa ubani huku wimbo wa kumuaga ukiimbwa, na padri anasema sala ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu. Hapo ndipo maandamano ya kutoka yanapoanza.

Wasifu nao una mahali pake. Maelekezo ya Misale yanakataza mahubiri ya Misa ya wafu yasigeuzwe kuwa sifa za marehemu, lakini ibada inamruhusu mtu mmoja wa familia au rafiki aseme maneno machache ya kumkumbuka, baada ya sala ya baada ya Komunyo na kabla ya buriani. Angalia kwamba nimesema mtu mmoja. Salamu za majirani, za kazini na za jamaa zisomwe nyumbani jioni ya Alhamisi, au uwanjani kabla padri hajafika mlangoni. Nimeshuhudia Misa ikianza saa sita badala ya saa nne kwa sababu ya salamu, kwaya imechoka, wazee wamechoka, na makaburini shimo linawangoja wafiwa wengine.

Kitindamimba_Umoja

Asante sana mwalimu. Nimeelewa mpangilio. Swali linaloniuma ni la dada yangu. Anaijua Biblia kuliko sisi sote, na mama alikuwa akimwomba amsomee kila Jumapili mchana macho yalipoanza kufifia. Je, ni kweli hawezi kusoma?

Katekista_Mstaafu

Nitakujibu kwa uangalifu, kwa sababu hapa watu wengi husema "padri akikubali basi", na wengine husema "haiwezekani kamwe", na yote mawili si sahihi. Mwongozo wa ekumene uliotolewa Roma mwaka 1993 unasema kwamba masomo katika Misa husomwa na Wakatoliki, lakini kwa nafasi za pekee na kwa sababu ya haki, askofu wa jimbo anaweza kumruhusu mkristo wa kanisa lingine asome. Ruhusa hiyo basi ni ya askofu. Kuna mapadri wanaojua msimamo wa jimbo lao na watakujibu papo hapo, na kuna watakaotaka kuuliza kwanza, ndiyo maana swali hili lipelekwe kesho, lisingoje Ijumaa asubuhi dada akiwa amesimama kando ya mimbari. Mahubiri hayana mlango huo, maana katika Misa yamewekwa kwa padri au shemasi, hata mchungaji awe rafiki wa familia kiasi gani.

Kuna jambo la pili ambalo kamati haikuliona. Mhubiri 3 ni maneno mazuri, lakini hayamo kati ya masomo yaliyopangwa kwa Misa za wafu, na ni katika orodha hiyo mnapochagulia. Mna nafasi kubwa ya kuchagua. Kwa somo la kwanza kuna Isaya 25, pale Bwana anapofuta machozi katika nyuso zote. Kuna Ayubu 19, Maombolezo 3, na Hekima 3 isemayo kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Mkichagua Hekima, kumbukeni kwamba kitabu hicho hakimo katika Biblia ambayo dada yako huenda nayo kanisani kwake. Msomaji akipanda na Biblia yake badala ya kutumia Kitabu cha Masomo kilicho mimbarini, atapekua kurasa mbele ya umati bila kukipata. Kwa familia kama yenu ningechagua Isaya 25, Zaburi ya 23 iimbwe, Warumi 8 kuanzia mstari wa 31, na Injili ya Yohane 14, penye makao mengi katika nyumba ya Baba. Injili husomwa na padri au shemasi, hivyo hakuna haja ya kumtafutia msomaji.

Na kama jibu la padri kuhusu somo litakuwa hapana, muulize kuhusu maombi ya waamini. Kifungu nilichokitaja kinazungumzia usomaji wa Maandiko, nacho hakiyataji maombi hayo, ndiyo maana mapadri wengi huwapa jamaa wa makanisa mengine ombi moja au mawili wayasome. Tena mkesha wa nyumbani si Misa. Siku ya Alhamisi dada anaweza kusoma Mhubiri 3 yote, na mchungaji wa kaka anaweza kuwaombea, mradi mmekubaliana na mwenyekiti wa jumuiya ni nani anaongoza.

Dereva_wa_Msafara

Mimi huendesha gari la maiti hapa jijini, na ningependa kuongeza neno kuhusu wabebaji, kwa kuwa makosa yao nayaona kwa karibu. Sijawahi kumsikia padri akimuuliza mbebaji kanisa lake. Nimewaona Waislamu, Wahindi na watu wasiosali popote wakibeba hadi mbele ya altare, wakaliweka jeneza na kwenda kukaa. Kinachohitajika ni watu sita wanaokaribiana kimo, kwa sababu mkimweka mjukuu mrefu sambamba na mjomba mfupi, uzito wote unamlalia yule mfupi, na kwenye ngazi za kanisa jeneza linapinda. Wanaokaribiana kimo wasimame jozi jozi, na walio warefu zaidi wakae upande utakaokuwa chini mkipanda ngazi.

La pili ni upande wa miguu. Marehemu asiye padri huingia miguu ikitangulia na kulazwa miguu ikielekea altare. Msalaba ulio juu ya kifuniko utawaonyesha, kwani sehemu yake ya juu iko kichwani, lakini kitambaa kikishatandazwa hamuuoni tena, hivyo kubalianeni garini kabla ya kushusha. Nimeona jeneza likigeuzwa katikati ya njia ya kati, mabenchi yakisukumwa huku na huku, na bibi mmoja akalia kwa fedheha zaidi ya alivyolia kwa msiba. Wakati wa kutoka, jeneza hugeuzwa hapo mbele penye nafasi, ndipo miguu itangulie tena.

Mtu mmoja awe ndiye mwenye kutoa amri, na atoe kwa sauti ya chini. Wabebaji wakae benchi la mbele upande mmoja, wasitawanyike na familia zao, kwa maana buriani ikiisha padri hatawangoja mtafutane. Na mlangoni mtasimama na uzito mikononi huku padri akisali, hivyo ulizeni kama parokia ina kigari cha kulitegemeza jeneza.

Msharika_wa_Thogoto

Nimefuatilia kwa makini kwa sababu jambo hili lilinipata. Mimi ni Mpresbiteri na marehemu mume wangu alikuwa Mpresbiteri pia, ila watoto walisoma shule za kimisionari wakawa Wakatoliki. Alipofariki, watoto walitaka padri amzike kwa Misa, na mchungaji wetu alikuwepo na yuko tayari. Tulibishana hadi tukaumizana. Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye uzi ni kwamba msilazimishe Misa kwa mtu ambaye hakuwa Mkatoliki.

Katekista_Mstaafu

Pole sana dada kwa msiba na kwa yale mliyopitia. Mwenye uzi mama yake alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo swali lake ni la upande wa pili, lakini lako nalo lina jibu, na mchungaji wenu alikuwa na haki. Kanuni ya 1183 inaruhusu mkristo aliyebatizwa katika kanisa lingine afanyiwe mazishi ya Kikatoliki kwa hekima ya askofu, ila kwa masharti mawili: isiwe kinyume cha matakwa yake, na mhudumu wa kanisa lake awe hapatikani. Kwa mumeo mhudumu alikuwepo. Watoto wangeweza kumwombea Misa siku nyingine, na hakuna ambaye angewazuia.

Kiongozi_wa_Kwaya

Nasimamia kwaya katika parokia moja ya Eastlands, nami nina machache kuhusu waombolezaji wa makanisa mengine wakiwa mabenchini. Waimbe, waitikie, wasimame na kuketi pamoja nasi. Asiyezoea kupiga magoti na aketi kwa heshima, hakuna atakayemhesabia. Lakini kuna mahali pamoja ambapo kila mazishi huwa nasikia watu wakikwama, napo ni kwenye Baba Yetu. Sisi tunaishia "utuopoe maovuni", padri anaendelea peke yake na sala fupi ya kuomba amani, ndipo wote tunasema "kwa kuwa ufalme ni wako". Ndugu zetu wamezoea kuunganisha moja kwa moja, basi sauti zao zinabaki hewani, na nyuso zinainama kwa aibu isiyostahili. Kijitabu chenu kikiandika sala hiyo kwa mpangilio wake, jambo hilo linakwisha.

Kuhusu Komunyo, mwombeni padri aseme mwenyewe kabla ya watu kupanga mstari. Kazi hiyo asiachiwe mwongozaji wa shughuli, kwa kuwa nimewasikia wengine wakisema "wageni wakae chini" kana kwamba wanawafukuza. Ndugu Waanglikana na Wapresbiteri hawapokei katika Misa hii. Najua kuna parokia ambako wasiopokea huja mbele mikono imepishana kifuani wakapewa baraka.

Mama_wa_Jumuiya

Hilo la kupishanisha mikono kwetu halipo, na padri wetu alishasema mstari ule ni wa wanaokomunika tu. Watu watachanganyikiwa.

Katekista_Mstaafu

Desturi hiyo haimo katika vitabu vya ibada, na hakuna amri ya jumla inayoiweka, kwa hiyo katika parokia yenu neno la paroko ndilo linalofuatwa. Mimi binafsi ningewashauri wabaki wameketi na kusali, hasa siku yenye umati. Kuhusu kupokea, kanuni ya 844 inazungumzia hatari ya kifo na mahitaji mengine mazito, tena kwa masharti kadhaa. Huzuni ya msiba, ijapokuwa ni kubwa, peke yake haitoshi kufungua mlango huo.

Jirani_wa_Pangani

Mimi ni Mwislamu, na mwaka jana nilimbeba jirani yangu Mkatoliki hadi ndani ya kanisa, kwa kuwa tuliishi ploti moja miaka mingi na watoto wake wananiita baba. Nilimuuliza padri mapema, akaniambia nibebe, niketi, nisisumbuke na mengine. Walipopiga magoti nilikaa kimya. Ningependa kumwambia mwenye uzi amuulize shemeji yake kwanza, kabla ya kumuuliza padri, kwa maana kati yetu wapo wanaoona ni sawa kubeba na wapo wanaopenda kubaki uwanjani, na asilazimishwe mbele ya watu. Makaburini hakuna ugumu, kila mtu hutia udongo.

Kitindamimba_Umoja

Nimezungumza na shemeji, yuko tayari kubeba. Kaka alikuwa mgumu kidogo kuhusu mchungaji wake, hasa kwa kuwa amemwalika tayari na mchungaji ameahirisha safari. Je, naweza kumpa nafasi gani isiyo ya kumdhalilisha? Na kuutazama mwili, je, kufanyike kanisani?

Katekista_Mstaafu

Mchungaji apokelewe mlangoni, na jina lake apewe padri mapema, ili amtambue mbele ya waamini na kumketisha mahali pa heshima. Hawezi kuadhimisha Misa pamoja na padri, wala kuhubiri. Lakini kama familia itakubali, yule mtu mmoja wa kusema maneno ya kumbukumbu anaweza kuwa kaka yako, naye akamtaja mchungaji na kumshukuru. Makaburini, padri akishabariki kaburi, akasali, jeneza likateremshwa na Baba Yetu ikasemwa, ibada yetu imekamilika. Baada ya hapo mapadri wengi huona vema mchungaji wa familia awaombee wafiwa, ila mwombeni kabla, msimkabidhi mchungaji kipaza sauti katikati ya ibada.

Kuhusu kuutazama mwili, mpangilio wa ibada unadhani jeneza limeshafungwa linapopokelewa mlangoni. Zipo parokia jijini zinazoruhusu baada ya Misa, na zipo zinazokataa kabisa. Ushauri wangu ni mfanye hivyo asubuhi mnapouchukua mwili chumba cha maiti, familia ikiwa peke yake.

Mama_wa_Jumuiya

Hapo kwa kutazama siwezi kukubaliana nawe mwalimu. Wanachama wenzake wa chama watafika kanisani moja kwa moja kutoka kila pembe, hawawezi kwenda chumba cha maiti, nao wana haki ya kumuona mwenzao. Jeneza lifunguliwe uwanjani saa mbili na nusu, lifungwe saa tatu na nusu, na Misa ianze saa nne kamili.

Dereva_wa_Msafara

Hilo la uwanjani linawezekana, ila mwambieni anayeleta mwili tangu sasa, ili gari liondoke chumba cha maiti mapema. Njia za kuingia Umoja asubuhi ya Ijumaa si za kutegemea, na mkichelewa kufika, muda wa kutazama ndio utakaokatwa.

Kitindamimba_Umoja

Rasimu mpya nimeiandika usiku huu. Salamu zote na Mhubiri 3 vimehamia Alhamisi nyumbani, na dada ndiye atakayesoma. Kwenye Misa nimeweka Isaya 25 kwa jina la binamu yetu Mkatoliki, Warumi 8 kwa jina la katibu wa chama cha mama, na mbele ya ombi la tatu la waamini nimeliandika jina la dada kwa penseli. Nitamuuliza padri kesho jioni kama anaweza kuomba ruhusa ili dada asome Warumi. Dada mwenyewe amenijibu kwamba akipewa ombi hilo moja litamtosha, mradi aandike maneno yake mwenyewe. Mwalimu, je, hilo linaruhusiwa?

Katekista_Mstaafu

Linaruhusiwa, maana maombi hayo hutungwa kulingana na tukio. Liwe fupi, liwe ombi badala ya wasifu, na liishie kwa maneno ambayo watu wanayajua ili waitikie "Twakuomba utusikie". Mpelekee padri ombi hilo pamoja na rasimu hiyo, limeandikwa lote.